Karatasi ishirini, karatasi milioni

Mwalimu mwenye karatasi 20 za mtihani huzipanga kwa kuchomeka: anachukua moja, anailinganisha na zilizokwisha kupangwa, anaipachika mahali pake. Hata zikija kinyume kabisa, atalinganisha mara 190 tu, wala hahitaji meza ya pili. Kwa orodha fupi, kompyuta nayo haina haja ya njia nyingine.

Mpe sasa karatasi milioni moja. Ulinganishaji unaweza kukaribia bilioni 500, kwa sababu orodha ikikua mara kumi, kazi hukua mara mia. Hapo afadhali kuigawa nusu kwa nusu hadi vipande vidogo kabisa, kisha kuviunganisha kwa mpangilio: ulinganishaji hauzidi milioni 20. Gharama yake ni kumbukumbu. Namba milioni moja za baiti 8 hukalia megabaiti 8, na kuunganisha kwa kawaida hudai nafasi nyingine kama hiyo. Kwenye kifaa kidogo, programu huishiwa nafasi na kukwama.

Mwaka 2002 Tim Peters aliiandikia lugha ya Python njia inayochanganya zote mbili: orodha isiyofika vipengele 64 huchomekwa, iliyo ndefu zaidi hupangwa vipande vipande, kisha huunganishwa.