Bajeti ya shule ya mtoto wako imehesabiwa au imenakiliwa?

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai Mosi, na kabla ya hapo kila shule ya msingi huwa imeandaa makadirio yake. Wazazi wengi wa Masasi na Newala huyaona yakishabandikwa ubaoni, au huyasikia yakisomwa haraka kwenye mkutano wa wazazi, kisha likaja lile neno linalojulikana: mchango.

Mara nyingi mchango huo huzaliwa na namna bajeti ilivyotengenezwa. Shule huchukua karatasi ya mwaka jana, huongeza asilimia kidogo kwenye kila kifungu, na kazi imekwisha. Hiyo ndiyo bajeti ya nyongeza. Njia ya pili ni ya kuanzia sifuri: hakuna kifungu kinachopewa shilingi kwa sababu tu kilikuwapo, bali kila kimoja hujieleza upya. Mmarekani Peter Pyhrr aliieneza njia hii mwaka 1970 akitokea kampuni ya Texas Instruments. Jimmy Carter aliipeleka Ikulu ya Marekani mwaka 1977, na miaka michache baadaye ikaachwa kwa wingi wa makaratasi yake.

Tuchukue shule ya mfano. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji shule za msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazofika shuleni. Mwaka jana shule hii ilikuwa na watoto 600, hivyo ilipata 3,600,000, nayo ikazigawa hivi: chaki na vifaa vya kufundishia 1,080,000, mitihani 1,000,000, ukarabati 900,000, maji 420,000 na utawala 200,000.

Mwaka huu watoto wamebaki 580. Ruzuku imeshuka hadi 3,480,000, lakini bajeti imeongezwa asilimia 10 na kufika 3,960,000. Pengo ni 480,000, yaani zaidi ya shilingi 800 kwa kila mtoto. Mkutano utaambiwa bei zimepanda. Ni kweli zimepanda, ila hakuna aliyehesabu zimepanda wapi.

Sasa vifungu viwili virudishwe sifuri.

Mitihani kwanza. Ile milioni moja ilitokana na mwaka ambao shule ilichapisha mitihani minne. Siku hizi inachapisha miwili tu, ya katikati na ya mwisho wa mwaka, na majaribio mengine huandikwa ubaoni. Madarasa ya juu yana watoto 420, kila mmoja akitumia kurasa 12 kwa mtihani. Kwa mitihani miwili ni kurasa 10,080, na kwa shilingi 50 ukurasa inakuwa 504,000. Karibu nusu ya kifungu ilikuwa ikirithiwa kutoka kwa mitihani isiyokuwapo tena.

Maji yanakwenda kinyume. Newala iko juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na hutegemea maji yanayosukumwa kutoka bondeni. Kiangazi kikikaza, dumu hununuliwa. Lita moja kwa mtoto kwa siku, kwa siku 80 za masomo za kiangazi, ni lita 46,400. Tangi la maji ya mvua lina lita 20,000. Zinabaki 26,400, yaani madumu 1,320 ya lita 20, ambayo kwa shilingi 400 kila moja ni 528,000. Kifungu kimepanda, tena kwa haki, kwa sababu mwaka jana upungufu ule ulibebwa na watoto kichwani kutoka nyumbani bila kuandikwa popote. Shule ya Masasi, chini ya uwanda, itapata jibu lake tofauti, ndiyo maana kunakili karatasi ya jirani nako hakusaidii.

Vifungu vingine vikibaki kama mwaka jana, jumla ni 3,212,000. Zinabaki 268,000. Hata chaki na vifaa vikipanda asilimia 10, yaani 108,000, bado kuna cha kutengeneza mifereji ya paa la pili kabla mvua za Desemba hazijaanza.

Kupitia vifungu vyote hivyo kila mwaka kungemmaliza mwalimu mkuu, ambaye mara nyingi naye ana vipindi darasani. Inatosha kamati ya shule kurudisha sifuri viwili kwa mwaka, kwa zamu. Tena fedha huja kwa mwezi, takriban 290,000 kwa shule hii, hivyo uchapaji wa 252,000 kwa mtihani mmoja lazima uanze kuwekewa akiba miezi kadhaa kabla.

Mzazi anaweza kuitambua bajeti iliyonakiliwa bila kujua uhasibu. Aombe karatasi za miaka miwili na kuziweka sambamba. Kama kila kifungu kimepanda kwa asilimia ileile, aulize kimoja tu: kurasa ngapi, au madumu mangapi? Na aulize mapema. Maji hupungua Septemba, ilhali fedha za korosho kwa kaya nyingi huingia kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa, hivyo mchango wa kiangazi unaoitishwa ghafla humkuta mzazi mfuko mtupu.