Ratiba Huanza na Vipindi Pacha

Dakika 40 hazitoshi kufanya titresheni. Wanafunzi wanaosha bureti, wanaijaza, wanasoma vipimo na kurudia zoezi mpaka majibu yakaribiane. Kengele inalia nusu yao wakiwa bado kwenye jaribio la kwanza. Ndiyo maana kemia, baiolojia na fizikia huhitaji vipindi viwili mfululizo, na hivyo ndivyo vinavyomtesa mwalimu wa taaluma.

Tuchukue shule ya kata yenye mkondo mmoja kila kidato, vipindi 8 kwa siku na maabara moja. Mwalimu mmoja anafundisha kemia na baiolojia vidato vyote vinne. Kila somo lina vipindi vinne kwa wiki: viwili vya pamoja maabara, viwili vya mojamoja darasani. Jumla ni vipindi 32 kati ya 40. Hesabu hii ya kila mwalimu ifanyike kwanza, kwa sababu anayefikisha 41 hana ratiba itakayomwokoa. Lazima apunguziwe somo.

Mapumziko yakiwa baada ya kipindi cha nne, siku ina jozi nne za vipindi, wiki ina 20. Maabara inahitaji jozi 12: nane za mwalimu huyu na nne za fizikia. Kwa hesabu, nafasi ipo. Wengi hukwama kwa kuwa huanza kujaza Jumatatu kipindi cha kwanza na kuteremka. Vile vipindi 16 vya mojamoja vya mwalimu wetu vikitawanyika ovyo, hugusa jozi 13 kwa urahisi, naye akabaki na jozi saba huru wakati anahitaji nane. Ratiba inakwama Alhamisi jioni, kosa likiwa lilifanyika Jumatatu.

Dawa ni kuanza na kigumu. Kama kuna mwalimu wa kujitolea anayekuja siku mbili tu, siku zake zitangulie. Kisha panga jozi zote 12 za maabara kabla ya kugusa Kiswahili au historia. Baada ya hapo, vipindi vya mojamoja vya mwalimu wa sayansi vibananishwe: cha kwanza Kidato cha Pili, kinachofuata Kidato cha Tatu, ili visiharibu jozi mbili tofauti. Ukimaliza, andika upya ratiba kwa mstari wa kila mwalimu, na mstari mmoja wa maabara. Madarasa mawili yakikutana kwenye chumba kimoja, mgongano unaonekana papo hapo. Kwenye ratiba ya madarasa pekee hujificha.

Wakuu wa shule, msisogeze mapumziko kiholela. Yakihamia baada ya kipindi cha tatu, kipindi kimoja kinabaki pekee kila upande, jozi zinashuka kutoka 20 hadi 15, na maabara inabakiwa na nafasi tatu tu za ziada kwa wiki nzima. Mwulizeni kwanza mwalimu wa taaluma.