Kwa Nini Simu Huifubaza Sauti

Mpigie mtu simu umwambie neno moja tu, "nimesikia", kisha umwambie "nimefikia". Kwenye simu ya kawaida ya 2G msikilizaji anaweza kushindwa kuyatofautisha maneno hayo, hata kama vijiti vya mtandao vimejaa na hakuna kelele popote. Ana kwa ana hakuna anayekosea. Sauti ya s ni mvumo mkali wa hewa inayopenya kwenye meno, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko juu ya hezi 4,000, yaani mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Simu ya kawaida hupitisha mitikisiko ya kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Hiyo s inafika upande wa pili ikiwa imekatwa kichwa, na kinachobaki hufanana mno na f.

Mpaka huo umerithiwa kutoka simu za waya. Mitambo ya simu ilipoanza kuigeuza sauti kuwa namba, iliipima mara 8,000 kwa sekunde na kukiandika kila kipimo kwa biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Anayepima mara 8,000 hawezi kunasa mtikisiko unaozidi nusu ya idadi hiyo. Upande wa chini nako kuna hasara, kwa kuwa sauti ya mwanamume mtu mzima huunguruma kwenye hezi 100 na kidogo, chini kabisa ya mpaka. Lakini hapo sikio linatusaidia: likisikia mitikisiko ya juu inayoambatana na mngurumo huo, linaujenga wenyewe. Ndiyo maana humtambua baba yako kwenye simu ingawa sehemu ya chini ya sauti yake haikuletwa kabisa.

Kufubaa kwa namna hiyo ni kwa kudumu, na tumekuzoea. Kinachowasumbua watu zaidi ni sauti inayobadilika katikati ya mazungumzo: inakuwa nzito, inakwaruza, kisha inavuta neno kwa mlio mmoja kama roboti. Mabadiliko hayo yanatokana na mabano, yaani jinsi simu inavyoibana sauti.

Simu ya mkononi haina nafasi ya kurusha biti 64,000 kila sekunde. Masafa ya redio ni machache na wanaoyagombea ni wengi. Mtandao wa kwanza wa GSM ulipofunguliwa Ufini tarehe 1 Julai 1991, kila mzungumzaji alitengewa biti 13,000 kwa sekunde kwa ajili ya sauti yake, yaani moja ya tano ya zile za simu ya waya. Programu inayofanya kazi ya kuibana sauti hadi ienee humo, na kuikunjua tena upande wa pili, huitwa kodeki.

Kodeki ya simu haitumi mawimbi ya sauti yako yalivyo. Hutuma maelezo ya namna ya kuyatengeneza upya. Fikiria zumari: pale juu kuna kilimi kinachotetema, na chini kuna bomba linaloupa mtetemo huo umbo la noti. Koo la binadamu hufanya kazi vivyo hivyo. Nyuzi za sauti hutetema, kisha koromeo, ulimi na midomo huugeuza mtetemo huo kuwa a, e au m. Kodeki hukadiria bomba lako lina umbo gani kwa wakati huo na kilimi chako kinatetema kwa kasi gani. Kile ambacho makadirio hayo mawili hayakukieleza, kama pumzi, mikwaruzo na mlipuko wa p au t, hukieleza kwa vipigo vidogo vinavyopangwa mahali mahali.

Tuchukue kodeki ya AMR, ambayo imebeba mazungumzo mengi ya 2G na 3G, tuone inavyokitendea kipande kimoja cha sauti. Kila kipande kina urefu wa milisekunde 20. Humo mna vipimo 160, ambavyo kwa njia ya simu ya waya vingekula biti 1,280. AMR ikiwa kwenye kiwango chake cha juu hukieleza kipande hicho kwa biti 244: biti 38 kwa umbo la bomba, 46 kwa mtetemo wa kilimi na nguvu yake, 140 kwa vile vipigo, na 20 kwa ukubwa wa vipigo. Kwenye kiwango cha chini kabisa, kipande kilekile hupewa biti 95. Umbo la bomba hubaki na biti 23. Vipigo, vilivyokuwa na biti 140, hubaki na 36 tu.

Tazama ni nini kilichotolewa kafara. Katika kila robo ya kipande, yaani milisekunde 5, kiwango cha juu kinaweza kupanga vipigo 10, na cha chini vipigo 2. Irabu bado zinasikika, maneno yanaeleweka, lakini pumzi na ukali wa konsonanti vimekwenda. Mtu anaonekana kama anaongea kupitia blanketi. Na kwa kuwa hesabu yote imejengwa juu ya koo moja la binadamu, chochote kisicho koo huvurugika vibaya zaidi: ngoma ya harusini, injini ya daladala, upepo wa ufukweni. Kodeki hujaribu kuyaeleza hayo yote kana kwamba ni mtu anayeongea, na hizo biti chache hutumika kuieleza kelele badala ya mzungumzaji.

Kwa nini basi mtandao uchague biti 95 wakati 244 zipo? Jibu ndilo ninalotamani kila mtumiaji wa simu alijue. Njia ya redio ya GSM ina nafasi ya biti 456 kwa kila milisekunde 20, na nafasi hiyo haiongezeki. Biti za sauti zikiwa 244, zinabaki 212 za ulinzi, yaani biti za ziada zinazoiwezesha simu ya upande wa pili kurekebisha zile zilizoharibika njiani. Sauti ikipunguzwa hadi biti 95, ulinzi hupata 361. Kwa hiyo unapotembea kutoka mnarani, mtandao huipunguza sauti kwa makusudi ili iliyobaki ifike salama. Sauti iliyofubaa ni bei iliyolipwa ili mazungumzo yasikatike.

Ulinzi huo nao una kikomo. Kipande kikifika kimeharibika kupita kurekebishwa, hutupwa, na simu yako hujikuta haina cha kukuchezea kwa milisekunde 20. Ikinyamaza ghafla utasikia mkato mkali. Badala yake hurudia maelezo ya kipande kilichotangulia, umbo lilelile la bomba na mtetemo uleule, na kuipunguza sauti kidogo kidogo. Kikipotea kipande kimoja huwezi kugundua, maana mdomo wa binadamu haubadiliki sana kwa muda mfupi hivyo. Vikipotea vitano au sita mfululizo, unasikia irabu moja imeganda kwenye noti moja. Sauti ya mtu hai haiganda kamwe. Hata anaposema "aaa" tu hupanda na kushuka kidogo kila mara. Mtetemo ulioganda ndio sikio hulitambua kama roboti. Hasara ikiendelea, simu huacha kubahatisha na kunyamaza.

Kuna sababu nyingine ya kufubaa isiyohusiana na umbali wala ukuta. Mkesha wa Idi au jioni ya mwisho wa mwezi, mnara wa 2G ukielemewa na wapigaji, mtandao unaweza kuwaweka watu wawili kwenye nafasi iliyokuwa ya mmoja. Kila mmoja hubaki na biti 228 kwa kila kipande, sauti pamoja na ulinzi wake. Hata zile 244 za sauti peke yake haziwezi kuenea humo. Simu inapatikana, vijiti vimejaa, na sauti ni mbovu. Ramani za mtandao zinazotangazwa huonyesha mahali simu itakapokubali. Hazionyeshi utagawiwa biti ngapi, na mzee ambaye sikio limeanza kupungua ndiye anayeumia zaidi kwa tofauti hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba upana wa sauti hauhitaji biti nyingi kama tunavyodhani. Ndugu mkubwa wa AMR, iitwayo AMR-WB, huipima sauti mara 16,000 kwa sekunde na kupitisha hezi 50 hadi 7,000, kiasi cha s kufika na sehemu kubwa ya ukali wake. Kwenye kiwango chake kinachotumika sana hula biti 12,650 kwa sekunde, wakati AMR ya kawaida kwenye kiwango cha juu hula 12,200. Karibu ni sawa. Tatizo ni kwamba simu zote mbili na kila mtambo ulio katikati lazima ziielewe. Mmoja akiwa na kitochi cha 2G, au simu ikivuka kwenda kampuni nyingine kwa njia isiyoipokea, wote wawili hurudishwa kwenye hezi 3,400. Unaweza kuangalia mwenyewe: ukipiga simu na alama ya 4G ikabaki juu ya kioo, pengine pamoja na neno VoLTE au HD, kuna uwezekano mkubwa wa sauti pana. Ikishuka kuwa 2G simu inapoanza kuita, tegemea sauti nyembamba.

Simu za kupitia bando zina tabia yake. Kodeki ya Opus, iliyotangazwa mwaka 2012 na kutumiwa na programu nyingi, inaweza kutoka biti 6,000 kwa sekunde hadi 510,000, na hupanua au kubana sauti papo kwa papo. Lakini kila kipande husafiri kama pakiti yenye anwani zake, na anwani hizo peke yake zinaweza kula biti 320 kila milisekunde 20, zaidi ya mara tatu ya kipande cha AMR cha biti 95. Tena pakiti iliyochelewa haina faida kuliko iliyopotea, kwa kuwa zamu yake ya kuchezwa imepita. Ndiyo maana ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliorekodiwa mahali palepale hufika safi huku simu ikikatikakatika. Ujumbe hauna haraka: pakiti iliyopotea huombwa tena hadi ifike.

Ukisikia roboti, usikimbilie kuhamahama wewe. Simu hurusha kwa nguvu ndogo kuliko mnara, hivyo vipande mara nyingi hupotea kwenye safari ya kutoka kwa anayeongea kwenda kwenye mnara wake, na yeye anaweza kuwa anakusikia vizuri kabisa. Mwambie yeye ndiye asogee dirishani.