Kirei haimo kundi la takai

Katika Kijapani, kivumishi kama takai, "ghali", hubeba wakati chenyewe. Ondoa i ya mwisho: takakunai, si ghali, takakatta, ilikuwa ghali, takakunakatta, haikuwa ghali.

Kundi la pili halibadiliki umbo. Shizuka, "tulivu", huhitaji na mbele ya nomino: shizuka na machi, mji tulivu. Kukanusha na wakati uliopita huachiwa neno linalofuata: shizuka janai, shizuka datta, shizuka janakatta.

Kinachowaponza wanafunzi ni kirei, "safi" au "zuri". Huishia kwa i, lakini ni la kundi la pili, hivyo kireikunai ni kosa. Sema kirei janai. Likiandikwa kwa kanji, i hiyo humezwa ndani ya herufi, ilhali ya takai hubaki nje. Bahati mbaya, kirei huandikwa mara nyingi kwa hiragana tupu.