Fomu ni picha, maandishi yakae wapi?

Kila Juni na Julai, wanafunzi wanaokwenda kidato cha tano wanapoanza kufuatilia maelekezo ya kujiunga, steshenari nyingi za Tanzania hupokea kazi ya aina moja. Mzazi anakuja na simu, ndani yake kuna faili la PDF lililotumwa kwa WhatsApp, na ombi lake ni fupi: fomu ijazwe kwa kompyuta, iprintiwe, ikasainiwe. Kijana wa steshenari anafungua faili, anabofya kwenye mstari wa jina, na hakuna kinachotokea. Anabofya tena pembeni kidogo. Kimya.

Faili halijaharibika. Fomu hiyo ilichapwa kwenye karatasi, karatasi ikapitishwa kwenye skana, na skana ikapiga picha. Kwa macho ya kompyuta, mstari wa jina, nembo na doa la chai lililoachwa pembeni ni kitu kimoja: vijidoa vya rangi. Fomu ya PDF iliyotengenezwa ili ijazwe huwa na nafasi maalumu zilizofichwa ndani yake, kila moja ikijua inapoanza na inapoishia. Picha haina nafasi hizo.

Kuitambua ni rahisi. Buruta kipanya juu ya sentensi yoyote ukijaribu kuchagua maneno. Kama hakuna neno linalobadilika rangi, au kama ukurasa mzima unachaguliwa kwa mpigo, hiyo ni picha. Ukikuza hadi asilimia 400, kingo za herufi nazo zitaanza kuonekana kama ngazi. Kuna skana zinazoongeza maandishi yasiyoonekana chini ya picha ili maneno yaweze kutafutwa, kwa hiyo kipimo cha pili ndicho cha kuaminika zaidi.

Hapo wengi hukimbilia kufungua faili kwa Word. Word huigeuza PDF kuwa waraka wake yenyewe, na kwa fomu iliyoskaniwa matokeo huwa ya kusikitisha: mistari inahama, majedwali yanavunjika, nembo inaruka ukurasa. Ofisi inayoipokea inaweza kuikataa kwa sababu haifanani tena na fomu yake. Njia salama ni kuiacha picha kama ilivyo na kuweka maandishi juu yake, kama mtu anayetandaza nailoni angavu juu ya picha na kuandika kwenye nailoni.

Kwa fomu fupi, kivinjari cha Firefox kwenye kompyuta kinatosha. Tangu toleo la 106 la mwaka 2022 kina kitufe cha maandishi: unafungua PDF, unakibofya, unabofya juu ya mstari, unaandika, kisha unapakua nakala. Lakini fomu yenye visanduku vingi inataka kipimo, na hapo LibreOffice Draw, programu ya bure isiyohitaji intaneti, inafaa zaidi.

Chukua fomu ya kurasa za A4 yenye safu ya visanduku 20 vilivyoungana kwa ajili ya namba ya NIDA, tarakimu moja kila kisanduku. Ukiifungua kwa Draw, ukurasa unatokea kama picha moja kubwa. Jambo la kwanza ni kuifunga isisogee: ichague, bonyeza F4, kisha kwenye kichupo cha `Position and Size` weka tiki kwenye `Position` chini ya `Protect`. Bila hivyo, utakapojaribu kusogeza jina la mwanafunzi utajikuta umesogeza fomu nzima.

Kabla ya kuifunga, hata hivyo, angalia kama imenyooka. Karatasi hupinda kidogo inapoingia kwenye skana, na jicho halioni upesi. Mstari wa sentimita 17 uliopinda kwa digrii moja tu unapanda au kushuka milimita 3 kutoka mwanzo hadi mwisho. Herufi zako zitaanza zimekaa vizuri juu ya mstari na kumalizikia zimeukata katikati. Dawa ni kuizungusha picha kwenye kichupo cha `Rotation`, mara moja, badala ya kupindisha kila neno utakaloandika. Ikiwa fomu ilipigwa picha kwa simu kutoka upande, kuzungusha hakutasaidia, maana upande mmoja wa ukurasa umekuwa mpana kuliko mwingine. Hiyo iombwe upya, iskaniwe na itumwe WhatsApp kama `Document`, kwa kuwa picha ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora.

Sasa visanduku. Kupima kisanduku kimoja kwa macho ni kujitafutia makosa. Chora mstari kutoka ukingo wa kwanza wa safu hadi wa mwisho, bonyeza F4 usome upana wake, kisha ugawe kwa 20. Tuseme safu ina milimita 100: kila kisanduku kina milimita 5, ambazo ni takriban pointi 14.2, kwa kuwa inchi moja ina pointi 72. Kisha tumia fonti ambayo herufi zake zote zina upana sawa, kama Liberation Mono. Kwa ukubwa wa 12, kila tarakimu inachukua pointi 7.2. Zimebaki 7. Chagua namba yote, fungua `Format`, `Character`, halafu `Position`, na kwenye nafasi kati ya herufi andika pointi 7. Sogeza kisanduku cha maandishi hadi tarakimu ya kwanza ikae katikati, nyingine 19 zitafuata zenyewe.

Ukikosea nusu pointi tu, tarakimu za mwanzo zitaonekana sawa, lakini kosa linajilimbikiza, na ya 20 itakuwa imehama zaidi ya milimita 3. Kwa hiyo anayekagua aanzie mwisho wa safu.

Kazi ikikamilika, tumia `Export as PDF`. Maandishi yataingia kwenye ukurasa wenyewe. Kwa njia ya Firefox hali ni tofauti kidogo, kwani maneno huhifadhiwa kama maelezo yaliyobandikwa juu ya ukurasa. Programu nyingine zinaweza kuyaficha wakati wa kuprinti. Kwenye Acrobat Reader, mzazi anaweza kuona jina kwenye skrini na kupata karatasi tupu kama sehemu ya `Comments & Forms` haikuwekwa `Document and Markups`. Ili kuepuka hilo, fungua faili lililojazwa ndani ya Firefox hiyohiyo na uliprinti kuwa PDF mpya.

Steshenari inayotarajia wanafunzi wengi wa shule moja inaweza kuhifadhi kazi ya Draw kama kiolezo, na kwa kila mteja ikabadilisha maneno tu. Kiolezo hicho kihifadhiwe kikiwa na majina ya mfano. Namba ya NIDA ya mteja wa asubuhi ikisahaulika ndani yake, itatoka kwenye fomu ya mteja wa mchana, na hiyo ni siri ya mtu. Kwa sababu hiyohiyo, tovuti za kujaza PDF bure si mahali pa fomu hizi: faili zima hupelekwa kwenye seva ya mtu mwingine.

Wakati wa kuprinti, chagua `Actual size`, kwa kuwa `Fit` inaweza kuupunguza ukurasa kidogo. Weka rula juu ya safu ya NIDA: isome milimita 100. Saini ya mzazi, ya daktari na muhuri wa hospitali vinabaki kuwekwa kwa mkono kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo nafasi zake ziachwe wazi.