Barua ya Bosi Aliyefoka Kikaoni

Ijumaa ya tarehe 9 Agosti 2013, Tim Armstrong, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya mtandao ya AOL ya Marekani, alikutana na wafanyakazi wa Patch, kitengo kilichokuwa kikiendesha mamia ya tovuti za habari za mitaa. Wengi walisikiliza kwa simu kutoka majimbo mbalimbali, na walikuwa na hofu, maana ilijulikana kwamba tovuti zitapunguzwa na watu watapoteza kazi. Armstrong akiwa anazungumza, mkurugenzi wa ubunifu wa Patch, aliyekuwamo chumbani, aliinua kamera. Armstrong akamwamuru aishushe, na kwa pumzi ileile akamtangazia kwamba amefukuzwa kazi, atoke nje. Kisha akaendelea na hotuba. Sauti ya kikao hicho ilivuja, na baada ya muda mfupi watu wasiowahi kuisikia Patch walikuwa wanaisikiliza.

Jumanne iliyofuata, tarehe 13, Armstrong aliwaandikia wafanyakazi barua ya kuomba radhi. Inafaa kuisoma kwa makini, kwa sababu ndani yake mna mambo yanayoponya na mna pengo moja kubwa. Alilitaja kosa lake kwa jina: kwamba alimfukuza mtu hadharani. Alikiri kuwa alitawaliwa na hisia mwanzoni mwa mazungumzo mazito yanayogusa riziki za watu, na kwamba hakumtendea haki mwenzake. Alieleza pia kwamba alikuwa amekwisha kuwasiliana naye moja kwa moja na kumwomba radhi. Hapo alifanya vizuri. Aliyefokewa asisikie maneno ya radhi kwa mara ya kwanza pamoja na watu elfu moja wengine, kwani hiyo ni sawa na kumuita tena mbele ya kadamnasi.

Lakini baada ya hapo barua iligeuka. Armstrong alieleza kwamba vikao vya siri havipaswi kurekodiwa, kwamba mtu huyo alishaonywa, na kwamba akarudia. Inawezekana yote hayo yalikuwa kweli. Tatizo ni mahali yalipowekwa. Msomaji aliyekuwa ameanza kumsamehe bosi sasa anapewa mashitaka ya mtu ambaye hana nafasi ya kujibu. Na kuhusu swali ambalo kila mmoja alikuwa nalo, yaani je, amerudishwa kazini, barua ilikuwa kimya. Hakurudishwa.

Hapo ndipo naona uzito wote wa barua za namna hii. Bosi anapofoka, mara nyingi hatoi kelele tu. Hutoa na uamuzi. Hufukuza, hunyang'anya kazi, hufuta likizo, huagiza barua ya kujieleza. Barua inayoomba radhi kwa kelele huku ikiuacha uamuzi ule palepale inawaambia wafanyakazi kwamba hasira zimekwisha ila matunda yake yatabaki. Armstrong huyohuyo aliandika barua ya pili Februari 2014, baada ya kuwaudhi wafanyakazi kwa kutaja kikaoni gharama za matibabu ya watoto wachanga wa wenzao wawili, akitetea mabadiliko ya mchango wa kampuni kwenye akiba yao ya uzeeni. Safari hiyo hakuishia kuomba radhi. Aliyaondoa mabadiliko yenyewe. Wafanyakazi walipata kitu cha kushika mkononi.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina upande wa sheria pia. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inadai mfanyakazi anayetuhumiwa aelezwe sababu na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kumsindikiza. Neno la "umefukuzwa, toka" lililotamkwa kwenye kikao halitimizi hata kimoja. Kwa hiyo meneja aliyelitamka anapaswa kulifuta kwa maandishi, waziwazi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Meneja wa operesheni wa kampuni ya kusafirisha mizigo Dar es Salaam amempigia kelele msimamizi wa ghala kwenye kikao cha Jumatatu, kwa sababu ya makontena yaliyokwama bandarini. Amepiga meza, amemwita mzembe, amemwagiza aandike barua ya kujieleza, na ametangaza kwamba safari yake ya mafunzo Arusha imefutwa. Barua yake ya Jumanne ingeweza kuwa hivi:

"Wafanyakazi wenzangu wa operesheni, jana kikaoni nilimfokea msimamizi wa ghala mbele yenu, nikapiga meza, nikamwita mzembe. Nilikosea. Leo asubuhi nimekaa naye na kumwomba radhi, na ameridhia niwaandikie. Nawaomba radhi ninyi pia, hasa wawili niliowakatiza mlipotaka kueleza jambo. Agizo la barua ya kujieleza nimelifuta, na nafasi yake ya mafunzo Arusha iko palepale. Suala la makontena halijaisha. Tutalijadili Alhamisi saa nne, na tutaanza kwa kuwasikiliza wale wawili."

Ni fupi, na ufupi huo una sababu. Hakuna neno kuhusu presha ya kazi wala usiku aliokosa usingizi. Kila aliyekuwa kikaoni ana presha yake. Hakuna "kama kuna niliyemkwaza", kana kwamba jambo lina shaka wakati watu kumi waliona meza ikipigwa. Hakuna "kwa yaliyojitokeza", kana kwamba kelele zilijitokeza zenyewe. Makontena yametajwa, kwa sababu kuyaficha kungekuwa unafiki, lakini yametajwa kama kazi iliyobaki. Kama msimamizi alizembea kweli, hilo litazungumzwa naye faraghani siku nyingine, kwa utaratibu wa kawaida. Na ile ridhaa yake si ya kupuuzwa: wapo wanaopenda heshima yao irudishwe hadharani, na wapo ambao kutajwa tena huwaumiza zaidi. Aulizwe kabla, na akikataa, barua iandikwe bila kumgusa.

Kosa ambalo meneja hufanya baada ya kutuma ni kuyaamini majibu. Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi yatamiminika "usijali bosi" na "tuko pamoja", na hayo hayapimi kitu. Mtu anayesubiri mkataba wake uhuishwe hawezi kumwambia bosi kwamba bado ana kinyongo. Pia barua ya pili yenye maneno yaleyale ndani ya miezi michache huifuta ya kwanza. Hapo panahitajika mkubwa wake au ofisi ya rasilimali watu iingilie kati, maana tatizo limekwisha kuwa tabia.

Kipimo kiko kwenye kikao cha Alhamisi. Watu walioshuhudia mwenzao akifokewa kwa habari mbaya hujifunza upesi kuificha habari mbaya: ripoti huwa fupi, kila kitu "kinaendelea vizuri", na meneja hupata habari za mzigo uliokwama kutoka kwa mteja. Wale wawili wakisema kwamba nyaraka za forodha zilichelewa kwa sababu meneja mwenyewe alizisaini Ijumaa jioni badala ya Jumatano, naye akaandika hoja hiyo na kuuliza swali linalofuata kwa sauti ya kawaida, msimamizi wa ghala atakuwa ameketi pale akiangalia.