Pai za tabaka bila friji: siri ni vipande vya siagi visivyoyeyuka

Arusha. Mzazi anayejua kusukuma chapati laini zenye matabaka tayari ana nusu ya ujuzi wa kuoka pai za kukunja, zile zinazovunjika vipande vyembamba ukizing'ata. Nusu iliyobaki ni kuitunza siagi isiyeyuke kabla ya kuingia motoni, na kwa hilo wakazi wa Lemara na kata nyingine za Jiji la Arusha wana bahati ambayo mwenzao wa Dar es Salaam hana.

Mwezi Julai, alfajiri ya hapa huweza kushuka hadi karibu nyuzi joto 12. Siagi iliyolala jikoni usiku huo huamka ngumu kiasi cha kukatika kwa kisu bila kunata. Hiyo ndiyo hali inayotakiwa. Mapishi mengi ya pai hizi humtaka mpishi alaze donge kwenye friji saa nzima kati ya kila mkunjo. Ipo njia fupi, ambayo siagi hukatwa vipande na kuchanganywa na unga moja kwa moja, na kazi, kuanzia kupima unga hadi pai za kwanza kuiva, huisha ndani ya takribani saa mbili.

Kwanza tuelewe kwa nini pai hizi huumuka wakati hazina hamira. Siagi ya maziwa si mafuta matupu. Katika gramu 100, takribani gramu 80 ni mafuta na karibu 16 ni maji. Ukisukuma na kukunja donge, vipande vya siagi hulala bapa katikati ya tabaka za unga. Ndani ya joto kali, maji yale hugeuka mvuke na kuinua kila tabaka, huku mafuta yakizuia tabaka zisigandane tena. Siagi ikiyeyuka mapema hunywewa na unga, mvuke hukosa mahali pa kusukuma, na utapata kitu kama biskuti nzito.

Ndiyo sababu mafuta magumu ya kupikia, ambayo hayana maji, hutoa pai laini lakini isiyopanda sana. Majarini nyingi za kupaka mkate nazo hulainika upesi mno mkononi. Ukitumia majarini, chagua ile ngumu ya kuokea, na usome maandishi ya pakiti. Ikiwa mafuta yake yamegandishwa nusu kwa hidrojeni, iache dukani. Hayo ndiyo yenye aina ya mafuta ambayo Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2018 yaondolewe kwenye vyakula, kwa kuwa huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo.

Mahitaji ya pai 12

Unga mweupe wa ngano gramu 250, sawa na vikombe viwili vya chai vyenye ujazo wa mililita 240. Siagi gramu 200. Chumvi nusu kijiko cha chai. Iache kama siagi yako ina chumvi. Maji baridi mililita 120, yaani nusu kikombe, yakiwa na kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau. Limau hulifanya donge likubali kusukumwa bila kujivuta kurudi nyuma.

Kwa ndani, menya nanasi dogo lililoiva, likate vipande vidogo na ulipike na vijiko vitatu vya sukari na iliki kidogo. Pika hadi ukiburuza mwiko chini ya sufuria ibaki njia isiyojaa maji. Fanya kazi hii jioni ya kuamkia siku ya kuoka, kwa sababu nanasi la moto litaiyeyusha siagi na lenye maji litalowesha kitako cha pai.

Jioni hiyohiyo weka siagi, ikiwa kwenye karatasi yake, ndani ya bakuli lenye mfuniko. Simamisha bakuli hilo kwenye beseni la maji, ulifunike kwa kitambaa kilicholowa ambacho ncha zake zimezama majini, kisha uache beseni karibu na dirisha lililo wazi. Maji yanayokauka kutoka kwenye kitambaa hupunguza joto la bakuli. Weka na chupa ya kioo iliyojaa maji hapohapo. Kesho itakuwa mti wako wa kusukumia, na ubaridi wake utasaidia.

Kuanzia saa moja asubuhi

Chekecha unga na chumvi kwenye bakuli pana. Kata siagi vipande vya mraba vyenye upana wa sentimita moja na nusu hivi, uvitupe kwenye unga na kuvigeuza hadi kila kimoja kivae unga. Usivifikiche kama unavyofanya kwenye maandazi. Mimina maji kidogo kidogo ukichanganya kwa kisu cha mezani, si kwa kiganja, maana kiganja kina joto la kutosha kuyeyusha siagi. Acha kumimina mara tu unga unaposhikana, hata kama maji yamebaki.

Donge hili litakukatisha tamaa. Litakuwa na mabonge, litapasuka pembeni, na siagi itaonekana waziwazi. Ndivyo linavyopaswa kuwa. Anayezoea donge la chapati hutamani kulikanda hadi liwe nyororo, na hapo ndipo pai nyingi huharibika.

Nyunyiza unga kwenye kibao, bonyeza donge liwe bapa, kisha lisukume kwa chupa hadi liwe refu kama sentimita 45 na upana wa 15. Likunje mara tatu kama unavyokunja kanga: theluthi ya chini ipande juu, ya juu iishukie. Geuza donge robo mzunguko ili upande uliokuwa kushoto uwe mbele yako, usukume tena na kukunja tena. Futa unga uliozidi kila kabla ya kukunja, la sivyo tabaka hazitashikana.

Baada ya mikunjo miwili, lifunike donge na ulirudishe kwenye bakuli la beseni kwa dakika 20. Mapumziko haya yana kazi mbili, kuirudishia siagi ugumu na kuulegeza unga. Kisha sukuma na kukunja mara mbili nyingine. Mkunjo wa kwanza ulitoa tabaka tatu, wa pili tisa, wa tatu 27, na wa nne 81. Usiongeze zaidi. Tabaka zikizidi kuwa nyembamba siagi huchanganyika na unga, na kazi yote hupotea.

Wakati wote angalia uso wa donge. Likiwa kavu na lenye madoa ya njano, uko salama. Likianza kung'aa na kunata kwenye chupa, siagi inalainika. Acha papo hapo, lirudishe kwenye beseni dakika 15, ndipo uendelee. Kuongeza unga mwingi ili lisinate hakusaidii, kunafanya pai kuwa ngumu. Februari, mchana wa Arusha unapokaribia nyuzi 29, njia hii bila friji haitafanikiwa, labda uianze kabla jua halijachomoza na siagi iliyotoka kwenye friji ya dukani.

Lipumzishe tena dakika 20, kisha lisukume liwe sentimita 40 kwa 30. Likate miraba 12 yenye upana wa sentimita 10 kwa kisu kikali, ukikandamiza moja kwa moja chini. Kisu kinachoburuzwa hubana kingo na kuzizuia zisipande. Weka kijiko kimoja cha nanasi katikati, lowesha kingo kwa maji, kunja kwa pembetatu, bana kwa uma na utoboe juu mara mbili ili mvuke wa nanasi upate njia. Paka yai juu tu. Yai likichuruzika pembeni hugandisha tabaka.

Moto

Kwenye oveni, washa mapema ifike nyuzi 200. Kwa jiko la mkaa, tumia sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya mfuniko kama unavyooka keki, lakini ipashe sufuria dakika 20 nzima kabla ya kuweka trei. Pima kwa kunyunyiza unga kidogo kwenye bati dogo ndani ya sufuria. Ukigeuka kahawia hafifu kwa takribani dakika moja, moto unatosha. Ukibaki mweupe, siagi itachuruzika kabla ya mvuke kuanza kazi.

Oka pai nne au sita kwa zamu, nyingine zikisubiri kwenye baridi. Usifunue dakika 15 za kwanza. Kwa jumla zinahitaji dakika 25 hadi 30, mpaka kitako nacho kiwe cha kahawia.

Jiko hilo likae nje au kibarazani penye hewa. Asubuhi za baridi familia nyingi huvutiwa kuliingiza ndani lipashe chumba joto, lakini mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua waliolala. Kuliacha lipoe sebuleni baada ya kuoka ni hatari ileile.

Pai zikitoka, zitakuambia ulichokosea. Dimbwi la mafuta kwenye trei ni dalili ya moto hafifu. Pai iliyoshikamana bila tabaka, hata kama trei ni kavu, siagi yake iliyeyuka wakati wa kusukuma. Juu pamepanda lakini kitako kimelowa, basi nanasi lilikuwa na maji au sufuria haikupashwa vya kutosha.

Ngapi kwa mtoto?

Siagi gramu 200 zikigawanywa kwa pai 12, kila pai inabeba takribani gramu 13 za mafuta, na kati ya hizo karibu nane na nusu ni mafuta yaliyojaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 ni kama gramu 22. Pai mbili tu zinampeleka zaidi ya robo tatu ya kiwango hicho, na mtoto mdogo ana kiwango cha chini zaidi. Kwa hiyo moja, pamoja na tunda au uji usio na sukari, inatosha, na iwe ya Jumapili au sikukuu badala ya kufungashiwa shuleni kila siku.

Ukitaka kupunguza, usipunguze siagi kwenye donge, kwani tabaka zitakosekana. Kata miraba ya sentimita saba na nusu badala ya 10, utapata 20, kila moja ikiwa na gramu nane za mafuta.

Zilizobaki ziache zipoe kabisa kabla ya kuzifunika, maana mvuke ukifungiwa ndani huzilainisha. Jioni zirudishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu kila upande, na zitavunjika tena kama za asubuhi.